Kabla ya kufunga kolisi, uliza kwanza



Mwezi uliopita nilisindikiza mama mmoja wa koperative yetu, anayeuza bidhaa zake akiwa nyumbani, mpaka kwenye kaunta ya ajanse moja inayotuma mizigo kwa ndege kutoka Bangboka. Kiwanja kiko karibu kilomita 17 kutoka mjini, kwa hiyo tulipanda pikipiki alfajiri na kolisi tuliifunga vizuri kwa kamba. Ndani mlikuwa na vitu sita: bidoni ya mawese ya litre 5, kilo 2 za pilipili ya kusaga, vipande 12 vya sabuni aliyopika mwenyewe, taa moja ya sola, betri moja ya akiba ya kuchajia telefone, na kopo la kilo moja la soda kostiki. Mawese, pilipili na sabuni vilikuwa vya mteja wa Kinshasa aliyekwisha kulipa. Taa, betri na soda vilikuwa vya binti yake, ambaye anataka kuanza kupika sabuni huko.

Kijana wa kaunta aliuliza: "Iko nini ndani?" Mama akamwambia kila kitu bila kuficha. Kijana akasukuma kolisi nyuma. "Mama, hii hatupokei. Maji, betri na bunga haviendi na ndeke."

"Juu ya nini?"

"Ni sheria."

Basi. Tukarudi na kolisi yetu. Mama alisema njiani kwamba wanachagua watu, kwamba jirani yake alituma mawese wiki iliyopita na yalifika. Mteja akaomba pesa zake. Binti akasema nyinyi huko Kisangani hamjui kutuma.

Niliwaza sana juu ya siku ile, na maoni yangu ni haya: wote wawili walikosea. Kijana alikosea kwa sababu ile aliyoiita sheria haiko vile katika kitabu chochote. Mama naye, na mimi pamoja naye, tulikosea kwa sababu tulifunga kwanza, tukauliza nyuma. Katika vitu vile sita, kulikuwa na viwili tu ambavyo havikupaswa kupanda ndege kwa njia ile. Vinne vilikuwa na haki ya kusafiri, na vilirudishwa kwa sababu vilikuwa ndani ya sanduku moja na vile viwili.

Sheria yenyewe inatoka wapi

Sheria ya vitu vya hatari ndani ya ndege ni ya dunia nzima. Iko katika nyongeza namba 18 ya mkataba wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Makampuni ya ndege yana kitabu chao, cha IATA, ambacho kinafuata kile cha OACI na kinatoka upya kila mwaka kuanzia tarehe 1 Januari. Hapa kwetu anayesimamia ni mamlaka ya anga ya kiraia, AAC.

Vitabu hivi havisemi "maji hapana, unga hapana". Vinagawa vitu vya hatari katika makundi tisa kufuatana na ubaya wake: vinavyolipuka, gesi, maji yanayoshika moto, vigumu vinavyoshika moto au kujiwasha vyenyewe, vinavyochochea moto, sumu, vyenye miale, vinavyokula ngozi na chuma, na kundi la tisa la vingine, ambamo betri za litiamu zimo. Kila kitu kinapewa namba yenye herufi UN mbele. Kitu kisicho na namba hiyo, kama unga wa muhogo, si kitu cha hatari kwa ndege, hata kama ni unga.

Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kampuni ya ndege au ajanse ina haki ya kuwa kali kupita kitabu. Kitabu kinaweza kuruhusu, na kampuni ikasema sisi hatubebi. Ndiyo sababu jirani wa mama alituma mawese na sisi tukakataliwa: pengine alipita kwa ajanse nyingine, au alifunga kwa namna nyingine. Kwa hiyo muuzaji ana maswali mawili, si moja. La kwanza: je, kitabu kinakataza? La pili: je, ninyi wenyewe mnakataza? Jibu la kwanza halibadiliki ukienda kaunta nyingine. La pili linaweza kubadilika.

Maji: kuvuja si kushika moto

Tuanze na mawese. Maji ambayo kitabu kinaogopa katika kundi la tatu ni yale ambayo mvuke wake unaweza kuwaka kwenye joto la digrii 60 au chini. Petroli iko pale, alikoli kali iko pale, rangi nyingi za kupaka ziko pale. Mafuta ya mikaratusi yanayotolewa kwa mvuke nayo yako pale, na wale wanaofikiri kuyauza wajue hivyo mapema. Mawese hayamo. Ili mvuke wake ushike moto inabidi uyapashe zaidi ya digrii 200. Asali pia haimo.

Kwa nini basi mawese yanakataliwa? Kwa sababu yanavuja, na yakivuja yanaharibu vitanda vya watu wengine, nguo zao na karatasi zao, na ajanse ndiyo inalipa. Ndani ya ndege iliyo juu, mgandamizo wa hewa unashuka mpaka karibu robo tatu ya ule wa chini. Hewa iliyofungwa ndani ya bidoni inataka kutanuka, inasukuma mafuta, na mafuta yanatafuta kifuniko kilicholegea. Juu ya hayo, jua la kiwanjani linayeyusha mawese na kuyapanua. Bidoni ya njano iliyotumiwa mara kumi, yenye kifuniko kilichozibwa kwa kipande cha plastiki, itavuja. Si labda, itavuja.

Kwa hiyo hapa dawa ni kufunga. Chupa mpya ngumu za litre moja, kifuniko chenye mpira au kizibo cha ndani, usijaze mpaka mdomoni, zungusha gundi ya karatasi kwenye kifuniko. Kila chupa ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, halafu matambara au vumbi la mbao katikati, vya kutosha kunywa mafuta yote ya chupa moja ikipasuka. Mbele ya kuipeleka, laza chupa upande wake juu ya gazeti usiku mzima. Asubuhi ukikuta doa, usiende Bangboka.

Ndugu, kuna maji mengine ambayo sitaki muyatume hata mkipata mtu wa kuyapokea: dawa ya wadudu iliyomiminwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Dawa nyingi za maji tunazopuliza zimechanganywa na kitu cha jamii ya petroli ili ziyeyuke. Kwa hiyo ni sumu, na pia zinawaka. Zikiwa katika chupa yake ya kiwandani, mtu anaweza kusoma namba na kuamua. Zikiwa katika chupa ya maji, anayefungua kolisi hajui anashika nini.

Unga: jina "unga" halitoshi

Pilipili ya kusaga, unga wa muhogo, kakao, tangawizi kavu: hivi havimo katika orodha ya hatari. Vinakataliwa kwa sababu nyingine. Mashine ya picha inaonyesha unga kama doa moja tu, na mtu wa usalama hawezi kusema kama ni muhogo au kitu kibaya. Ukiongeza kwamba umefungwa katika mfuko mweusi bila jina, anakataa, na mimi ningekuwa yeye ningekataa pia.

Wengine wanachanganya hili na sheria ya abiria. Kuanzia mwaka 2018, wanaosafiri kwenda Amerika wanaulizwa juu ya unga unaopita mililita 350 katika mfuko wa mkononi, na ile sheria ya maji mililita 100 ilianza baada ya njama iliyogunduliwa London mwaka 2006. Zote mbili ni za mfuko unaoingia nao pale abiria wanapokaa. Hazihusu kolisi inayopita kwa ajanse. Mtu akikutajia mililita 100 kwa mzigo unaotumwa, mwulize kwa upole kama anasema juu ya abiria au juu ya mizigo.

Lakini kuna unga ambao ni wa hatari kweli, na sisi wakulima tunaushika kila siku. Soda kostiki ina namba UN1823, kundi la nane. Ikilowa inapata joto kali, inachoma ngozi, na inakula aluminiamu. Mwili wa ndege nyingi ni wa aluminiamu. Inapoila, inatoa gesi inayowaka. Kopo moja lililopasuka chini ya sanduku, mahali penye unyevu, hakuna mtu atakayeliona mpaka baadaye.

Chokaa inatufundisha jambo lingine. Chokaa iliyotoka tanuruni, ambayo bado haijazimwa na maji, inaweza kusafiri kwa gari bila kuhesabiwa kitu cha hatari. Kwa ndege ni kundi la nane, namba UN1910. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni njia ya kusafiri. Makaa nayo yamo katika orodha, UN1361, kwa sababu yanaweza kujipasha yenyewe mpaka yakawaka, na unga wake hata zaidi. Na mbolea? "Mbolea" si jina la kutosha. Urea peke yake haimo. Mbolea yenye nitrati ya amonia inaweza kuwa katika kundi la tano, kwa sababu inachochea moto. Mifuko miwili inafanana kwa macho, chembe nyeupe hapa na chembe nyeupe pale. Kinachowatofautisha ni maandishi ya mfuko, na ule mfuko sisi tunautupa siku ya kwanza.

Betri: ndani ya kitu, au peke yake

Hapa wengi wanashangaa, kwa sababu jibu si ndiyo wala hapana. Betri ya litiamu iliyo ndani ya taa au telefone ina namba UN3481. Betri ileile ikitumwa peke yake ni UN3480, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 imekatazwa kusafiri kama mzigo ndani ya ndege ya abiria. Ile ya kuchajia telefone inahesabiwa kuwa betri peke yake, hata kama ina taa ndogo mbele. Abiria anaweza kuingia nayo mkononi, ikiwa haipiti Wh 100, lakini hawezi kuituma katika kolisi kwenye ndege hiyohiyo. Inaonekana kama ujinga, lakini ina sababu: ikianza kutoa moshi pale abiria wanapokaa, mtu ataiona na kuna wa kuizima. Chini, katika chumba cha mizigo, hakuna mtu.

Wh inapatikana kwa hesabu rahisi. Tafuta kwenye betri volti na mAh. Gawa mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti. Betri ya taa ya mama ilikuwa na volti 3.7 na mAh 2,000: mbili mara 3.7 ni Wh 7.4. Ni ndogo sana. Kwa betri yenye seli moja mpaka ni Wh 20, kwa betri ya seli kadhaa zilizounganishwa ni Wh 100. Chini ya hapo, ikiwa imefungwa ndani ya kifaa chake, kifaa kimezimwa na kitufe kimezuiliwa kisijibonyeze, kitabu kinaiacha ipite kwa masharti mepesi. Kipande kimoja au viwili katika kolisi moja havihitaji hata ile alama ya betri nje ya sanduku. Kampuni inaweza kuitaka hata hivyo.

Betri iliyovimba, iliyopata pigo au iliyolowa haitumwi kwa ndege, iwe ndani ya kifaa au nje. Ukiweka telefone juu ya meza na inazunguka kama pia, betri yake imevimba. Na betri za tindikali za pikipiki na za sola ni hesabu nyingine: ile unayoongeza maji ni kundi la nane, UN2794, ile iliyofungwa kabisa isiyomwagika ni UN2800 na ina masharti mepesi zaidi ikiwa ncha zake zimefunikwa. Usiseme tu "ninatuma betri". Sema betri gani.

Namna ya kujua ukiwa nyumbani

Baada ya ile siku nilikaa na mama tukafanya kazi ambayo tungeifanya mwanzoni. Naielezea ili koperative nyingine zisipoteze safari.

Kwanza tulitoa kila kitu sandukuni na kuandika katika daftari kila kimoja peke yake: jina lake la kweli, kiasi, na kimefungwa ndani ya nini. Hatukuandika "dawa" wala "vitu vya nyumbani". Maneno kama hayo yanamfanya mtu wa mizigo akuone unaficha.

Pili, kwa kitu kilichotoka kiwandani tulitafuta alama na karatasi. Alama ni mraba uliosimama kwenye kona yake, wenye moto, fuvu, au mkono unaoliwa na tone. Kopo la soda lilikuwa na ule mkono. Alama ya kopo peke yake haitoshi kuamua, kwa sababu nyingine zinahusu anayetumia na si anayesafirisha. Ndipo unatafuta karatasi ya usalama ya bidhaa, ile inayoitwa FDS. Muuzaji mkubwa anapaswa kuwa nayo, na nyingi unaweza kuzipata kwenye telefone ukiandika jina la bidhaa na herufi hizo tatu. Ina sehemu 16. Usisome zote. Nenda sehemu ya 14, ya usafirishaji. Pale kuna mistari ya barabara, ya bahari na ya ndege. Soma ule wenye neno IATA. Ukiona namba ya UN, ni kitu cha hatari kwa ndege. Ukiona imeandikwa kwamba hakiko chini ya sheria ya usafirishaji, piga picha ya ukurasa ule. Na kumbukeni chokaa: mstari wa barabara ukiwa mtupu haimaanishi wa ndege ni mtupu.

Tatu, kwa kitu tulichotengeneza wenyewe hakuna FDS. Mawese ya mama hayana kiwanda. Hapo koperative iandike karatasi yake fupi: jina la bidhaa, imetengenezwa na nini, kiasi, nani ameitengeneza, tarehe, na muhuri. Kwa sabuni tuliandika: "Sabuni ngumu ya mawese, imekauka wiki sita, haina soda iliyobaki huru, vipande 12." Hilo la soda ni muhimu, kwa sababu sabuni mbichi inayotoa maji bado inachoma. Ya mama ilikuwa kavu, tuliigusa kwa ulimi na haikuuma. Karatasi hii haiwi kibali cha serikali na haichukui nafasi ya karatasi za OCC au za afya ya mimea pale zinapodaiwa. Inamsaidia tu mtu wa kaunta kujua yuko mbele ya nini.

Nne, tuliuliza kwa maandishi mbele ya kufunga. Ujumbe tuliotuma kwa ajanse kwenye telefone ulikuwa hivi:

"Habari. Tunataka kutuma Kisangani kwenda Kinshasa: (1) mawese, chupa 5 za litre moja, (2) pilipili ya kusaga kilo 2, mifuko ya kuonekana ndani, ina etiketi, (3) sabuni ngumu vipande 12, (4) taa ya sola moja, betri ndani, Wh 7.4, (5) betri ya kuchajia telefone, Wh 37, (6) soda kostiki kilo moja, UN1823. Tafadhali mtujibu kwa kila namba: mnapokea au hapana? Kama hapana, ni sheria ya ndege au ni ya kwenu? Kama ndiyo, tufunge namna gani?"

Angalieni mambo mawili katika ujumbe huu. Tumeomba jibu kwa kila namba, ili kitu kimoja kibaya kisivute vingine vitano. Na tumeuliza ni sheria ya nani. Anayepokea mizigo ya ndege anatakiwa awe amefundishwa juu ya vitu vya hatari na kufundishwa tena kila miezi 24. Kama aliye mbele yako hawezi kujibu, omba kwa adabu kusema na yule aliyefundishwa. Yuko. Kampuni haiwezi kupokea mizigo bila yeye.

Jibu lilikuja kesho yake. Mawese: ndiyo, chupa zisizopita litre moja, ndani ya sanduku gumu, bidoni hapana, ni sheria yetu. Pilipili: ndiyo, isifungwe mpaka tuione. Sabuni: ndiyo. Taa: ndiyo, izimwe, kitufe kifungwe. Betri peke yake: hapana, ni sheria ya ndege. Soda: hapana kwa njia hii, inahitaji tamko la mtumaji, vifungashio vilivyopimwa na ajanse yenye ruhusa.

Wiki ileile vitu vinne vikapanda ndege na vikafika bila doa. Betri ya akiba ilienda baadaye na mtoto wa kaka yake aliyekuwa anasafiri, mkononi. Soda hatukuituma. Binti aliinunua Kinshasa, kama tungemwambia tangu mwanzo.

Juu ya kuficha

Najua wengine watasema: mwalimu, sisi tunaweka soda katikati ya unga na inapita. Inapita mpaka siku isipopita. Tarehe 11 Mei 1996 huko Florida, ndege ya ValuJet ilianguka na watu 110 wakafa. Chini kulikuwa na masanduku ya vyombo vya kutengeneza oksijeni, ambavyo karatasi zilisema ni vitupu. Havikuwa vitupu. Waliovifunga hawakuwa wabaya, waliandika tu jina lisilo sawa. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai na marubani wake wawili wakafa. Ilibeba shehena kubwa ya betri za litiamu, na moto ulianzia kwenye mizigo. Sisi wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa ajali ya ndege ni nini. Tarehe 8 Julai 2011, wakati wa mvua kubwa, ndege iliyotoka Kinshasa ilianguka hapa Bangboka na zaidi ya watu 70 wakafa. Ile haikuwa kosa la kolisi. Lakini wengi wetu tulipoteza mtu, na hatutaki ya pili itoke katika sanduku letu.

Tena, kwa sheria, anayetuma ndiye anayewajibika kusema kilicho ndani. Si kijana wa kaunta, si mwenye pikipiki.

Ninachoomba

Kwa maajanse ya Bangboka na ya mjini naomba jambo moja. Bandikeni ukutani karatasi yenye safu mbili, kwa Kiswahili na Kilingala: hivi vinakatazwa na sheria ya ndege, hivi tunavikataza sisi. Mnapoweka vyote katika neno moja "hapana", mkulima hajifunzi lolote isipokuwa kuficha vizuri zaidi mara ijayo. Na mnamrudisha yule aliyesema ukweli, wakati aliyesema "ni nguo" mzigo wake unapanda.

Kwa koperative zetu naomba daftari moja kwa kila koperative, likae kwa sekretari. Kila mtu akituma kitu, aandike: kitu gani, ajanse gani, jibu gani, sheria ya nani, kilifungwa vipi, kilifikaje. Tarehe iandikwe, kwa sababu kitabu kinabadilika kila Januari na jibu la mwaka jana linaweza kuwa limekufa. Baada ya miezi michache, mama anayetaka kutuma tangawizi hatahitaji kwenda kilomita 17 kuuliza. Atafungua daftari.

Sisi tumekwisha kuanza. Ukurasa wa kwanza una mistari sita, ile ya kolisi niliyowasimulia. Mstari wa soda kostiki mama ameupigia duara kwa kalamu nyekundu, na ameandika pembeni kwa mkono wake: "Hapana. Inunuliwe kulekule."